Viporo vya kikao cha Jumatatu

Aliyewahi kuwa katibu wa kikao anakijua kipengele cha yatokanayo. Kinakuja baada ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kabla ya ajenda mpya, na kazi yake ni moja: mwenyekiti anapitia yaliyoagizwa wiki iliyopita, moja baada ya jingine, na kila mhusika anajibu. Ambalo halijafanyika linaandikwa tena. Ambalo limefanyika linafungwa mbele ya watu.

Programu za kuandika muhtasari kwa akili mnemba hazikutengenezwa kwa kuanzia hapo. Zinasikiliza kikao, zinageuza sauti kuwa maandishi, kisha zinatoa ukurasa mmoja wenye yaliyojadiliwa na kazi za kufanya. Kwa kikao cha leo hiyo ni kazi nzuri kabisa. Shida iko kwenye viporo, yaani kazi za wiki iliyopita ambazo hazijaisha, kwa sababu kiporo hakimo ndani ya sauti ya leo isipokuwa mtu akitaje. Programu iliyopewa sauti ya leo peke yake haina njia ya kujua kwamba kuna deni.

Tuchukue kikao kimoja cha mfano na kukifuata wiki nne. Ni kikao cha Jumatatu saa tatu asubuhi, watu saba wanaofunga pampu za maji za umeme wa jua, na kiporo chetu ni kimoja tu: profoma ya pampu ya kisima cha pili, yaani hati ya bei kutoka kwa muuzaji.

Tarehe 1 Septemba 2025 mwenyekiti anasema, "Ile profoma ya pampu tuipate kabla ya wiki ijayo." Mtunza stoo anajibu, "Sawa, nitafuatilia." Muhtasari unatoka safi: "Mtunza stoo kufuatilia profoma ya pampu, wiki ijayo." Kila mtu anaridhika.

Tarehe 8 mwenyekiti anauliza, "Profoma?" Jibu: "Bado, yule jamaa yuko safarini." Hapa njia zinagawanyika kulingana na programu ilivyopangwa. Ikiwa imepewa sauti ya leo tu, itaandika chini ya mjadala kwamba muuzaji yuko safarini, na haitaandika kazi yoyote, kwa kuwa hakuna aliyesema "nitafanya". Ikiwa imepewa pia muhtasari wa wiki iliyopita, italeta mstari uleule: "kufuatilia profoma ya pampu, wiki ijayo." Ukiusoma haraka unaona kiporo kimebebwa vizuri. Lakini "wiki ijayo" ya tarehe 1 ilikuwa na maana ya tarehe 8, na "wiki ijayo" hiyohiyo sasa ina maana ya tarehe 15. Tarehe imesogea siku saba, hakuna aliyeomba muda wala aliyeukubali.

Tarehe 15 kikao kinaliwa na suala la mishahara na profoma haitajwi kabisa. Programu ya aina ya kwanza haina cha kuandika. Ya aina ya pili inaweza kuubeba mstari, au kuuacha kwa kuona haukuzungumzwa na kwa hiyo si wa maana leo. Ikiubeba, mara nyingi inaubeba ukiwa umechakaa: "Suala la pampu linaendelea." Linganisha na mstari wa tarehe 1. Mhusika ametoka, tarehe imetoka, na kitenzi cha mtu kutenda kimegeuka kuwa hali ya jambo kujiendea lenyewe. Huo ndio uchakavu unaotokea kila muhtasari unapotengenezwa kutokana na muhtasari mwingine. Kila mara programu inasema upya kwa maneno yake, na kila mara inafupisha kidogo. Baada ya mizunguko mitatu umebaki na sentensi ambayo huwezi kumdai mtu yeyote kwayo.

Tarehe 22 fundi mkuu anasema, "Pampu tuliyoagiza imefika, iko stoo." Anazungumzia kisima cha kwanza. Programu inaona "suala la pampu" upande mmoja na "imefika" upande wa pili, inafunga kiporo. Profoma ya kisima cha pili haijapatikana mpaka leo, na kwenye karatasi imekamilika.

Makosa manne, na kila moja lina chanzo chake. Tarehe ilisogea kwa sababu iliandikwa kwa maneno yanayotegemea siku ya kusemwa. Kazi ilipotea kwa sababu ukimya ulichukuliwa kuwa jibu. Maneno yalichakaa kwa sababu muhtasari ulizaa muhtasari. Ikafungwa kimakosa kwa sababu haikuwa na namba, ilikuwa na maneno tu, na maneno yanafanana.

Dawa, kwa maoni yangu, ni kuacha kabisa kuutegemea muhtasari ubebe viporo. Muhtasari ubaki kuwa habari ya kikao kimoja. Viporo vikae kwenye daftari lake, jedwali moja linaloishi nje ya mihtasari yote, na programu ipewe daftari hilo kila wiki pamoja na maneno ya kikao. Mstari wetu ungeonekana hivi asubuhi ya tarehe 15, kabla kikao hakijaanza:

```
namba,kazi,mhusika,tarehe_ya_awali,tarehe_ya_sasa,safari,hali
0901-3,Kupata profoma ya pampu ya kisima cha pili,mtunza stoo,2025-09-08,2025-09-15,2,WAZI
```

Namba ina mwezi na siku ambayo kazi ilizaliwa, kisha nafasi yake siku hiyo: kazi ya tatu ya tarehe 1 Septemba. Haibadiliki hata kazi ikihama kwa mtu mwingine. Tarehe ya awali haifutwi kamwe. Inayosogezwa ni tarehe ya sasa, na inasogezwa tu pale mtu aliposema siku mpya kikaoni. Hapa tunachukulia kwamba safari hii tarehe 15 ilitamkwa kwenye kikao cha tarehe 8, haikujiandika. Safari ni idadi ya vikao ambavyo kiporo kimefika kikiwa bado wazi. Tarehe 8 ilikuwa safari ya kwanza, tarehe 15 ya pili.

Zingatia pia kwamba kazi imeandikwa "kupata profoma", wala si "kufuatilia". Kufuatilia hakuna mwisho. Mtu anaweza kufuatilia miezi sita na kila Jumatatu akasema kweli kwamba anafuatilia. Profoma ama ipo mkononi ama haipo. Kitenzi kinachoweza kuthibitishwa kwa macho ndicho kinachofaa kwenye daftari, na hili linapasa kurekebishwa siku kazi inapozaliwa, maana baadaye programu haitathubutu kulibadilisha na wala usiiruhusu.

Baada ya kikao, programu ya akili mnemba inapewa vitu viwili, daftari na maneno ya kikao, pamoja na agizo. Muhtasari wa wiki iliyopita usiuweke humo hata kidogo. Ukiuweka, itachota kazi kutoka sehemu mbili na utapata mapacha. Agizo linalofanya kazi ni fupi:

```
Una vitu viwili: DAFTARI (kazi zilizo wazi) na NAKALA (maneno ya kikao cha leo).
Kwa kila namba iliyo kwenye DAFTARI rudisha mstari mmoja:
namba | hali | maneno yaliyosemwa | dakika
Hali ni moja kati ya: IMEFUNGWA, WAZI, IMEFUTWA, HAIKUTAJWA
Usiandike IMEFUNGWA bila maneno yanayosema kazi yenyewe imekamilika.
Usibadilishe maneno ya kazi wala tarehe ya awali.
Kazi mpya ziandike mwisho, chini ya kichwa MPYA.
```

Hali ya HAIKUTAJWA ndiyo roho ya agizo zima. Bila hiyo, programu inalazimika kuchagua kati ya wazi na imefungwa hata pale ambapo haina ushahidi wowote, na ikilazimishwa itakisia. Ukiipa nafasi ya kusema jambo halikutajwa, itaitumia, na wewe unajua ni mistari ipi ya kumpigia mtu simu mchana huohuo. Kwenye daftari, HAIKUTAJWA inabaki WAZI.

Maneno yaliyosemwa na dakika ni kwa ajili ya kukagua. Katibu anachukua kila mstari uliofungwa, anaenda kwenye dakika ile ya rekodi, anasikiliza sekunde chache. Programu inaweza kunukuu maneno ambayo hayakusemwa, na njia pekee ya kugundua ni kuyatafuta. Kwa kikao cha saa moja chenye viporo tisa hadi kumi na viwili, ukaguzi huu hauzidi dakika kumi, kwa sababu zinazofungwa kwa wiki huwa chache.

Halafu kuna hesabu ya kufunga, ileile anayoijua mtunza fedha yeyote. Tuseme asubuhi kulikuwa na viporo 9. Kikao kimezaa kazi mpya 4, kimefunga 3, kimefuta 1. Jioni daftari lazima liwe na 9, kwa kuwa 9 + 4 − 3 − 1 = 9. Likiwa na 8, moja imedondoka. Likiwa na 10, moja imeandikwa mara mbili, kwa kawaida kiporo cha zamani kilichotajwa kwa maneno mapya kikaingia chini ya MPYA. Ila usiishie kwenye jumla, kwa sababu moja iliyodondoka na moja iliyorudiwa huzaa jumla sahihi. Pitisha macho kwenye namba zenyewe: kila namba ya asubuhi lazima ionekane kwenye majibu, mara moja tu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kutusaidia, nayo ni Kiswahili chenyewe.

Swali la ndiyo au hapana katika Kiswahili linaweza kuwa na maneno yaleyale ya sentensi ya taarifa. Mwenyekiti akiuliza, "Profoma imepatikana?" kinacholifanya swali ni sauti kupanda mwishoni. Sauti ikigeuzwa maandishi na alama ya kuuliza isiwekwe, unabaki na "Profoma imepatikana." Hapo kuna nukuu, kuna dakika, na kiporo kinafungwa kwa ushahidi unaoonekana kamili. Jibu lililofuata lilikuwa "Bado," neno moja, lililosemwa pengine huku mwingine akikohoa. Hili ni kosa gumu kulikamata kwa kusoma tu, ndiyo maana nasisitiza kusikiliza rekodi kwa kila kilichofungwa. Njia ya kulizuia ni mwenyekiti kuanza na "je" au kuuliza kwa namna isiyoweza kuwa taarifa: "Namba tatu ya tarehe moja, profoma ya kisima cha pili, imefikia wapi?"

Kisha kuna silabi. "Imelipwa", "italipwa", "ilipwe" na "haijalipwa" zinatofautiana kwa kipande kidogo mno cha sauti, na kipande hicho ndicho kinachobeba hali nzima ya kazi. Katika chumba chenye feni, silabi ya "me" na ya "ta" zinaweza kubadilishana kwenye maandishi bila sentensi kuharibika, hivyo hakuna kinachokushtua ukisoma. Anayejibu aongeze ushahidi wa pili kwenye sentensi hiyohiyo: "Imelipwa, tayari, Ijumaa." Neno moja likisikika vibaya, mengine mawili yanalishikilia.

Nafsi nazo zinasumbua. "Tutaipeleka" haina mhusika. "Atamalizia" haisemi ni nani, na haitofautishi mwanamume na mwanamke. Tena ofisini kwetu watu huitana dada, kaka, mzee, au mama kwa jina la mtoto wake, hivyo "Dada atamalizia" ni sentensi ambayo watu saba chumbani wanaielewa na programu inabaki kukisia. Iandikie programu orodha ndogo ya watu: cheo, na majina yote wanayoitwa kikaoni. Mistari saba inatosha. Hata hivyo orodha haiokoi kitu pale ambapo watu watano wamekaa mbele ya laptopu moja. Programu inayotambua mzungumzaji kwa akaunti aliyoingilia itamwandikia mwenye laptopu kila neno lililotoka chumbani, na "nitafuatilia" ya mtunza stoo inakuwa kazi ya mwenyekiti. Ukiona mtu mmoja ana kazi nyingi kuliko wengine wote kwa pamoja, angalia kwanza laptopu ilikuwa ya nani. Kinachosaidia ni mwenyekiti kumtaja mtu kwa sauti kabla ya kupita: "Mtunza stoo, hiyo yako, Alhamisi tarehe 18." Naye ajibu, "Yangu, Alhamisi tarehe 18."

Na saa. Ukisema "Alhamisi saa nane", programu iliyozoea hesabu ya saa ya Kizungu inaweza kuandika 8:00, kumbe wewe umesema saa 14:00. Kwa kazi ya kupeleka hati benki, saa sita hizo ni tofauti ya kufika kabla ya watu wote na kukuta foleni inaisha. Kikaoni sema "saa nane mchana". Kwenye daftari andika 14:00. Vivyo hivyo "keshokutwa", "wiki ijayo" na "mwisho wa mwezi" vigeuzwe tarehe papo hapo, mdomoni, kabla havijafika kwenye rekodi.

Kusoma viporo mwanzoni mwa kikao kunachukua kama nusu dakika kila kimoja, kwa hiyo kumi na viwili ni dakika sita. Vikizidi kumi na tano watu wanaanza kujibu kwa mazoea, "bado, bado, bado", na zoezi linakufa. Hapo ndipo safu ya safari inapofaa. Kiporo kikifika safari ya tatu kisisomwe tena kama kawaida. Mwenyekiti achague moja kati ya matatu: kigawanywe kiwe kazi ndogo yenye kitu cha kushika, kihamishwe kwa mtu mwingine, au kifutwe na sababu iandikwe. Profoma yetu, kwa kuwa muuzaji yuko safarini, ingegawanywa siku ya tarehe 22: mtunza stoo aombe profoma kwa muuzaji wa pili ifikapo Jumatano tarehe 24. Kazi mpya inapata namba yake, 0922-1, na 0901-3 inafutwa kwa maelezo "imegeuzwa kuwa 0922-1". Kufuta na kufunga visichanganywe, maana anayesoma daftari miezi miwili baadaye anataka kujua kama pampu ya kisima cha pili ilipata profoma au ilikosa.

Zipo programu zinazotangaza kwamba zinabeba kazi zenyewe kati ya vikao vya mfululizo. Kabla ya kuiamini yoyote, ipime kwa vikao viwili. Kikao cha kwanza weka kazi tatu, zote na mhusika na tarehe. Kikao cha pili itaje ya kwanza kuwa imekamilika, itaje ya pili kuwa bado, na ya tatu usiitaje kabisa. Tazama muhtasari wa pili. Ya kwanza ionekane imefungwa, ya pili iwe wazi na tarehe yake ya awali ikiwa palepale, na ya tatu iwepo. Inayokosekana mara nyingi ni ya tatu, na ikikosekana umeshajua kwamba programu hiyo inabeba yanayotajwa tu.

Kipime pia kitu cha pili: kalenda. Programu nyingi zinajua kwamba kikao hiki ni ndugu wa kile cha wiki iliyopita kwa sababu vyote vimo kwenye mfululizo mmoja wa kalenda wenye kitambulisho kimoja. Kwenye Google Calendar, ukihamisha saa na kuchagua badiliko lihusu tukio hili na yanayofuata, mfululizo unakatwa na upande wa mbele unakuwa mfululizo mpya. Programu inayotegemea kitambulisho hicho inaweza kukiona kikao kinachofuata kama cha kwanza kabisa, na viporo vyote vinabaki upande wa pili wa mkato. Dalili yake ni rahisi kuiona: wiki moja muhtasari una viporo tisa, wiki inayofuata hauna hata kimoja, na katikati yake mtu alisogeza kikao kutoka saa tatu kwenda saa nne. Hivyo hivyo kwa kikao kilichofanyika kwa kiungo cha dharura kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu kile cha kawaida kiligoma. Daftari lililo nje ya programu halijali lolote kati ya hayo.

Jumatatu ikiangukia sikukuu na kikao kisifanyike, usiongeze safari, kwa kuwa kiporo hakikufika mbele ya watu. Tarehe za sasa ziache zilivyo, hata zile zilizopita. Kikao kinachofuata zitasomwa zikiwa zimechelewa siku ngapi, na kila mhusika ataomba tarehe mpya kwa mdomo wake mwenyewe.